Mnyororo wa thamani wa kiwanda cha alizeti: dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wa somo la mkakati hupewa asaimenti inayofanana karibu kila muhula: chagua kiwanda kidogo, chambua mnyororo wake wa thamani, kisha onyesha kinapata wapi nguvu ya kuwashinda washindani. Nimesahihisha kazi nyingi za aina hiyo. Makosa yanayojirudia hayatokani na uvivu, yanatokana na dhana chache ambazo mwanafunzi anakuja nazo tangu mwanzo. Nitazieleza kwa kutumia kiwanda cha mfano cha kukamua alizeti mkoani Singida, chenye mashine moja, vibarua sita na mwenye mali anayesimamia mwenyewe.

Dhana: Mnyororo wa thamani ni safari ya zao kutoka shambani hadi mezani.

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nzima, na ninaelewa linakotoka. Kwetu neno hili limezoeleka kupitia miradi ya kilimo: mkulima, dalali, mkamuaji, muuza duka, mlaji. Maana hiyo ni halali, lakini siyo inayoulizwa hapa. Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipoeleza mfumo huu mwaka 1985, alikuwa anatazama ndani ya kampuni moja tu. Ile safari ndefu inayopita kwenye kampuni nyingi aliipa jina lake: mfumo wa thamani.

Kwa hiyo mkulima wa Iramba hayumo kwenye mnyororo wa kiwanda chetu. Kilichomo ni kazi kinazofanya kiwanda kumfikia mkulima huyo: kumtafuta, kukubaliana naye bei, kupima mbegu zake, kuzileta na kuzihifadhi. Ukiona kurasa tatu za kazi yako zinazungumzia mvua na pembejeo, umeshatoka nje ya swali.

Dhana: Ununuzi na upokeaji wa malighafi ni kitu kimoja.

Porter aliweka shughuli za msingi tano: upokeaji na uhifadhi wa malighafi, uzalishaji, usambazaji wa bidhaa, masoko na mauzo, na huduma baada ya mauzo. Shughuli saidizi ni nne: ununuzi, teknolojia, rasilimali watu, na uongozi pamoja na uhasibu wa kampuni. Wanafunzi wengi hushangaa kuona ununuzi upande wa saidizi, wakati kiwanda hakiwezi kukamua bila mbegu.

Sababu ni kwamba ununuzi hauhudumii mbegu peke yake. Mtu yuleyule anayepatana bei ya alizeti ndiye anayetafuta skrubu mpya ya mashine, madumu, lebo na lori la kukodi. Kazi yake inagusa shughuli zote tano. Upokeaji unaanza mzigo unapofika getini: kupima, kukagua unyevu, kuchekecha, kupanga magunia ghalani. Kupatana bei ni ununuzi, kupima ni upokeaji. Utaona baadaye kwamba mpaka huu mdogo ndio unaoficha pesa.

Dhana: Mwenye kiwanda anafanya kila kitu, kwa hiyo hakuna shughuli saidizi.

Shughuli si idara wala si mtu. Ikiwa mwenye mali anatumia siku mbili za kila wiki kuzunguka vijijini akitafuta mbegu na jioni moja kuandika daftari la madeni, hizo ni siku mbili za ununuzi na jioni moja ya uhasibu. Muulize wiki yake inakwendaje, kisha gawa muda huo. Mara nyingi hajilipi mshahara, kwa hivyo gharama hiyo haionekani kwenye daftari lake. Iandike hata hivyo, vinginevyo ununuzi utaonekana kama kazi isiyogharimu kitu.

(Wengine hubuni kitengo cha huduma kwa wateja ili kisanduku cha huduma baada ya mauzo kwenye mchoro wa Porter kisibaki wazi. Usifanye hivyo. Kama huduma yenyewe ni kumbadilishia muuza duka dumu linalovuja, andika hilo.)

Dhana: Ukijaza visanduku tisa, umeshachambua.

Hapo umeorodhesha tu. Uchambuzi unaanza unapoweka gharama kwenye kila shughuli na kuuliza jinsi moja inavyoisukuma nyingine.

Tuchukue tani moja ya mbegu, kwa bei za kudhania ili hesabu iwe nyepesi. Mbegu zinanunuliwa kwa shilingi 1,000 kwa kilo, yaani shilingi 1,000,000. Usafirishaji, umeme, vibarua, madumu, usambazaji na mengineyo yanafika 480,000. Mashine inatoa kilo 280 za mafuta. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kilo 0.92 hivi, kwa hiyo ni kama lita 304. Kwa shilingi 4,500 kwa lita zinaingia 1,368,000. Mashudu kilo 650 kwa shilingi 500 yanaleta 325,000. Jumla ya mauzo ni 1,693,000, gharama ni 1,480,000, na kinachobaki ni 213,000.

Sasa mwenye mali anapata mbegu za shilingi 980 kwa kilo. Kwenye kisanduku cha ununuzi ameokoa 20,000, na mwanafunzi ataandika kwamba ununuzi ni nguvu ya kiwanda. Lakini mbegu hizo zina mchanga, mapepe na unyevu zaidi. Mafuta yanashuka hadi kilo 260. Zimepotea karibu lita 22, sawa na shilingi 99,000. Ukitoa zile 20,000 alizookoa, hasara ni 79,000, zaidi ya theluthi moja ya kilichokuwa kinabaki. Na hapo hatujahesabu mchanga unaokula skrubu ya mashine.

Hasara itaonekana kwenye uzalishaji, na fundi wa mashine ndiye atakayelaumiwa, ilhali chanzo kiko kwenye ununuzi. Uhusiano wa namna hii kati ya shughuli ndio kiini cha mfumo wa Porter, na ndio ninaoukosa kwenye kazi nyingi ninazosoma.

Utajuaje kama kiwanda ulichokitembelea kina tatizo hili? Omba kupima kwa siku moja: mbegu zinazoingia, mafuta yanayotoka, mashudu yanayotoka. Kwenye mfano wetu 280 na 650 ni kilo 930, na kilo 70 zimekwenda kama takataka, unyevu na machicha. Pengo hilo likiwa kubwa, anza kuangalia mbegu. Mashudu yakiwa mazito na yanaacha mafuta mkononi ukiyaminya, angalia mashine.

Dhana: Kila kinachofanywa vizuri ni faida dhidi ya washindani.

Chekeche na kipima unyevu vingesaidia kiwanda chetu kukataa mbegu mbovu getini. Lakini jirani naye anaweza kununua chekeche wiki ijayo. Asichoweza kununua kwa haraka ni wakulima waliozoea kwamba kwenye kiwanda hiki alizeti hupimwa kwa mizani, si kwa gunia la lumbesa, na safi hulipwa zaidi. Wakulima hao hukausha na kupepeta kabla hawajaleta. Nguvu hiyo ipo kati ya ununuzi, upokeaji na kinu chenyewe, kwa hiyo kwenye mchoro wako iwekee mshale unaounganisha vyote vitatu, na pembeni yake andika zile 79,000.