Bata mzinga wa Krismasi huanza kuhesabiwa Juni, tena mbali na kuku

Kila Novemba napigiwa simu na watu wa Pongwe na Muheza wakitaka vifaranga vya bata mzinga ili wauze Krismasi. Huwajibu kwamba wamechelewa miezi minne. Kuku wa nyama anayeingia bandani mapema Novemba anachinjwa Desemba bila shida, kwa sababu anahitaji wiki tano au sita tu. Bata mzinga wetu wa kawaida mimi humpa wiki 24 ndipo awe na kifua cha kumwekea mteja mezani.

Hesabu yenyewe inarudi nyuma hivi. Nikitaka kuuza tarehe 22 Desemba, kifaranga atotolewe karibu na 7 Julai. Mayai ya bata mzinga huatamiwa siku 28, si 21 kama ya kuku, kwa hiyo yawekwe 9 Juni. Kabla ya hapo nakusanya mayai kwa wiki moja hivi, maana yakikaa zaidi uwezo wake wa kuanguliwa hushuka. Tarehe hizi zina faida nyingine hapa Tanga: masika yameshapita, na kifaranga cha bata mzinga hakivumilii kulowa.

(Anayelenga Idi ana kazi zaidi, kwa kuwa sikukuu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Njiwa siwashauri kwa msimu wowote: jozi moja hutoa makinda mawili tu kwa mkupuo, huwezi kuiharakisha eti Desemba imefika.)

Kalenda, hata hivyo, si ndiyo iliyonitia hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya wanavyofanya wengi: nilichukua matetea wawili wa kienyeji, kila mmoja nikampa mayai manane ya bata mzinga. Waliatamia vizuri, wakaangua vifaranga 14, wakatoka navyo kuparua uani palepale ambapo kuku wangu wameishi miaka. Nilijiona mjanja, sikununua hata taa ya kuwapa joto.

Wiki ya tisa mmoja alijitenga, mbawa zimelegea, macho amefumba. Kinyesi chake kilikuwa cha manjano kama unga wa kiberiti. Nikadhani ni mdondo, lakini kuku wote walikuwa wazima, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Ndani ya siku kumi walikufa tisa. Nilipompasua mmoja, ini lilikuwa na madoa ya mviringo yaliyobonyea katikati, na utumbo mpofu umevimba, ndani yake mna kitu kigumu mfano wa jibini.

Huo ndio ugonjwa wa kichwa cheusi. Jina linapotosha, maana vichwa vya wale wangu havikuwa vyeusi hata kidogo. Kijidudu chake husafiri ndani ya mayai ya minyoo midogo inayoishi kwenye utumbo mpofu wa kuku. Kuku anaibeba minyoo hiyo bila kuonyesha dalili, anakunya, na mayai hubaki ardhini hata miaka. Nyungunyungu nao huyameza, kisha bata mzinga anamdonoa nyungunyungu. Mvua za vuli zikianza, nyungunyungu wanapanda juu, na ndipo ndege wako wa Krismasi wamebakiza wiki chache.

Dawa ya kutegemea baada ya dalili kutokea hakuna. Kwa hiyo sasa natotolesha kwa mashine, na vifaranga vinakwenda kwenye banda ambalo kuku hajawahi kukanyaga, sakafu ya saruji yenye maranda makavu. Nina ndala za humo tu. Nikitoka kwa kuku nazibadilisha mlangoni. Kuku nao nawapa dawa ya minyoo, lakini sihesabu hilo kuwa ruhusa ya kuwachanganya.

Kumkosa mama kuna gharama yake. Kifaranga cha bata mzinga ni mzito wa kuelewa, kinaweza kufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Siku tatu za mwanzo nachovya midomo yao majini mmoja mmoja, na naweka gololi za rangi kwenye chombo cha maji na cha chakula ili wadonoe. Chakula chao cha kuanzia kinahitaji protini ya asilimia 26 hadi 28. Ukiwapa cha kuku wa nyama kama kilivyo, miguu inakuwa dhaifu. Mimi huongeza dagaa waliosagwa, wasio na chumvi.

Mwaka wa kwanza niliuza watano tu, na chakula kilikuwa kimeshaliwa na 14. Siku hizi sitotoleshi zaidi ya oda nilizopata kufikia Mei, nikiongeza wachache wa tahadhari. Kuku wa nyama aliyebaki nampeleka soko la Mgandini kesho yake; bata mzinga aliyebaki tarehe 27 Desemba ataendelea kula kwangu, na mnunuzi wake simjui.