Upungufu wa watumishi si kihatarishi

Kila mwaka wa fedha ukikaribia kuanza, mratibu wa vihatarishi wa halmashauri husambaza fomu kwa wakuu wa idara, na kila mwaka fomu zinarudi na yale yale: "upungufu wa watumishi", "ubovu wa gari", "ufinyu wa bajeti". Safari iliyopita, kwenye manispaa moja ambayo sitaitaja, idara moja ilileta jedwali la mwaka uliotangulia, tarehe ya zamani bado ipo juu ya ukurasa. Hilo nalisamehe. Kinachonikera ni hayo matatu.

Kwa kifupi, kihatarishi ni jambo ambalo bado halijatokea, linaweza kutokea, na likitokea litaizuia halmashauri kufikia lengo fulani. Kuvisimamia ni kuvitambua, kuvipima na kuvishughulikia kabla havijafika.

Neno lenyewe limechangia mkanganyiko. Hatari tumeipata kwenye Kiarabu, tukaipa mnyambuliko wa Kibantu ikawa hatarisha, kisha tukaunda kihatarishi kwa mtindo ule ule wa kiunganishi na kivumishi. Kiunganishi huunganisha, kwa hiyo kihatarishi kingepaswa kuwa kitu kinachohatarisha: mtaro ulioziba, nywila iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Ofisini lakini tumelipa neno kazi nyingine. Mtaro ulioziba tunauita chanzo, na kihatarishi ni maji kuingia sokoni. Mkuu wa idara anayeandika "mtaro umeziba" amefuata sarufi, ila amejaza safu isiyo yake. Anayeandika "gari bovu" ana tatizo tayari, na tatizo halina uwezekano wa kupimwa, kwa sababu limeshatokea.

Kipimo ndicho kinachoumbua. Unatoa alama 1 hadi 5 kwa uwezekano, 1 hadi 5 kwa athari, unazidisha. Uwezekano wa gari lililokwisha kuharibika kuharibika ni ngapi?

Chukua udanganyifu kwenye mapato. Wengi huandika neno hilo moja, "udanganyifu", wakaweka 20 na rangi nyekundu. Sasa liandike kwa ukamilifu: kwa kuwa mkusanyaji wa ushuru wa soko hukaa na fedha taslimu wiki nzima kabla ya kwenda benki, anaweza kutumia fedha mbichi, na halmashauri ikapoteza mapato yake ya ndani. Tuseme soko lina mashine nne za kukusanyia mapato, kila moja inaingiza shilingi 150,000 kwa siku. Kwa wiki, mifukoni mwa watu wanne mna shilingi 4,200,000. Mimi ningetoa uwezekano 4 na athari 4, ukizidisha ni 16.

Hapo ndipo safu ya hatua hujazwa "kutoa elimu kwa wakusanyaji". Elimu ya nini? Anayezima mtandao wa mashine mchana soko likiwa limejaa anajua vizuri anachofanya, na ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta: mashine haijaonekana kwenye mfumo kwa siku kadhaa, ilhali wauza nyanya wana stakabadhi mkononi. Ukiamuru fedha ziende benki kila jioni, mkononi hazizidi shilingi 600,000. Athari inashuka hadi 2. Uwezekano nauacha 4, maana mtu mwenye shida ni yule yule. Imebaki 8, na kila tarakimu ina maelezo. Daftari la vihatarishi ambalo alama zake zinashuka bila mtu kubadilisha chochote sokoni limepakwa rangi tu.

Si kila kihatarishi kinashushwa upande huo huo. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia vilima vya Pugu na kufurika Jangwani. Aliye chini hawezi kuamuru mvua ya juu. Anachoweza ni kuzibua mitaro yake na kuondoa vitu vya thamani bondeni. Bima nayo hurudisha fedha, lakini mwananchi aliyelowa bado atakuja kwako. Mfumo wa malipo ukizimika, nakala ya taarifa haizuii kuzimika; inafupisha siku za kukaa gizani, basi, na hata hiyo ni kama kuna aliyewahi kujaribu kuirejesha.

Kwa hiyo, ndugu mkuu wa idara, upungufu wa watumishi upeleke kwenye ikama na bajeti. Ukitaka ubaki kwenye daftari letu, uhamishie safu ya chanzo, kisha uniandikie pembeni yake: kwa kuwa mhasibu ni mmoja na ndiye anayepokea, anayeandika na anayesuluhisha hesabu za benki, ni nini kinaweza kutokea?