Ovadrafti ya Mama Mchele: dhana tatu na laki sita

Tumwite Mama Mchele. Ni mtu wa hadithi tu, ila wa aina yake Kariakoo wapo tele. Benki ilimpa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya alichonacho akauntini, yenye kikomo cha milioni 5, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Akauntini alikuwa na laki 8 zake.

Dhana yake ya kwanza ilitokana na simu. Ilimwonyesha kiasi cha kutoa: 5,800,000. Akadhani ni zake. Ukweli ni kwamba laki 8 tu ndizo zilikuwa zake. Zilizobaki ni ruhusa ya kukopa, na deni huanza pale unapovuka sifuri. Tarehe 1 Septemba akatoa zote: milioni 3 za mchele, milioni 2.8 za mabati ya nyumba.

Dhana ya pili: mkopo ni mkopo, marejesho yatakuja na tarehe yake. Ovadrafti haina ratiba hiyo. Riba huhesabiwa kila siku kwa kiasi kinachodaiwa siku hiyo, kisha hukatwa mwisho wa mwezi. Kwa milioni 5 ni kama shilingi 2,466 kwa siku. Mchele aliutoa kwa mali kauli, hivyo Septemba nzima hakuweka kitu. Tarehe 30 benki ikakata 73,973, na kwa kuwa kikomo kilishajaa, riba yenyewe ikamvusha mpaka.

Oktoba mosi akaweka laki 6 za mauzo. Mchana dereva wa lori akadai laki 6 zake. Mashine ikakataa. Akaenda dirishani.

“Mwanangu, asubuhi nimeweka laki 6. Zimeliwa na nani?”

“Shikamoo mama. Hazijaliwa. Zimepunguza deni. Ulikuwa umepita kikomo, kwa hiyo unaweza kutoa 526,027.”

“Marahaba. Kwa hiyo nikiweka hela nazipoteza?”

Hii ndiyo dhana ya tatu, na ndiyo inayowagharimu wengi: wakishaambiwa hivyo, mauzo huyaficha nyumbani. Kumbe kuweka ndiko kunakookoa. Angeweka milioni 3 baada ya siku 10, riba ya Septemba ingekuwa kama 44,400, na hizo milioni 3 angeweza kuzitoa tena akihitaji.

Mchele haukuwa kosa. Mchele huuzwa ukarudi fedha. Bati haliuzwi. Deni la paa lingekaa pale pale likila riba, huku benki, kwa masharti ya kawaida ya ovadrafti, ikiwa na haki ya kudai yote wakati wowote.

Afisa mikopo akaligawa deni: milioni 2.8 za mabati zikawa mkopo wa miaka miwili wenye marejesho ya kila mwezi, na kikomo cha ovadrafti kikashushwa hadi milioni 2.2. Siku hiyo dereva alilipwa nusu ya hela zake.