Mtoto Anayekoroma Kila Usiku Hapumziki

Mwanangu ana miaka sita, darasani hatulii na mwalimu amechoka naye. Nimekuja apewe dawa ya kumtuliza. Mbona unaniuliza anavyolala?

Kwa sababu mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, lakini mtoto hucharuka. Anazunguka, anagusa kila kitu, anagombana na wenzake, na agizo alilopewa sasa hivi limeshamtoka. Ukimtazama mchana peke yake, utasema ana ugonjwa wa kutotulia na kukosa umakini. Wapo walio nao kweli. Ila mtoto anayekoroma achunguzwe usingizi wake kabla hajaandikiwa dawa yoyote ya tabia.

Lakini huyu analala fofofo, mpaka anakoroma!

Hapana. Kukoroma si usingizi mzito. Ni sauti ya hewa inayojipenyeza mahali palipobana. Kati ya miaka miwili na minane, tonsili na nyama za nyuma ya pua huwa kubwa kulingana na udogo wa njia ya hewa. Mtoto akilala, misuli ya koo inalegea na njia inaziba. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtoto anahema kwa kishindo, anageuka, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Hali hiyo ikijirudia usiku kucha, mtoto amekaa kitandani kwa muda wa saa tisa na bado hajapumzika.

Nitajuaje kama wake ni wa hatari?

Kama anakoroma usiku tatu au zaidi kwa wiki, na hana mafua, mlete. Na uje na video.

Mama mmoja alinionyesha video aliyoichukua saa tatu usiku, mtoto ametulia kabisa. Nikamwomba arudie saa kumi alfajiri, kwa sababu njia huziba zaidi kwenye usingizi wa ndoto, na huo huwa mwingi kuelekea asubuhi. Video ya pili ilikuwa nyingine kabisa. Shingo imepindwa nyuma, mdomo wazi, fulana imelowa jasho. Kishimo cha chini ya koo kinabonyea, tumbo linapanda huku kifua kikiingia ndani. Halafu kimya. Kifua kinahangaika, sauti hakuna, mpaka anashtuka kwa mkoromo mkubwa. Kwa mtoto, kukosa pumzi mbili mfululizo kunatosha kututia wasiwasi. Nilipomuuliza mama kuhusu mkojo, akasema mtoto alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, na anachapwa kwa hilo.

Dakika mbili za video zinatosha. Ondoa shuka, uso na kifua vionekane.

Bibi yake anasema akikua itaisha.

Ni kweli tonsili na nyama hizo hupungua umri ukisogea, na hali ikiwa nyepesi daktari anaweza kumfuatilia kwa miezi kadhaa, pengine kwa dawa ya kupuliza puani. Huko ni kusubiri baada ya kupimwa. Kusubiri nyumbani kwa sababu "amelala vizuri, anakoroma" ndiko ninakokukataa, na nitakukataa kila mara. Wanaletwa kwangu wakiwa wamepoteza miaka miwili ya shule na wamechapwa kwa kosa la koo lao. Hali ikiwa kali inadumaza ukuaji na kuelemea moyo.

Huwa nampa dawa ya mafua ile ya kusinzisha, ili alale vizuri.

Acha leo. Dawa za kusinzisha zinaweza kulegeza koo zaidi na kuuchelewesha mshtuko unaomrudishia pumzi.

Akitolewa tonsili, atatulia?

Wengi hubadilika, si wote. Yule mtoto wa video tonsili zake zilikaribia kugusana. Daktari wa masikio, pua na koo alizitoa pamoja na nyama za nyuma ya pua. Wiki mbili za kwanza aliendelea kukoroma kwa sababu ya uvimbe, na hilo ni la kawaida. Damu kooni si ya kawaida, na huweza kutoka hata siku ya tano mpaka ya kumi: akitema damu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Miezi mitatu baadaye kitanda kilikuwa kikavu na ugomvi darasani umepungua. Kutulia na kusoma bado kulimshinda, kwa hiyo sasa ndipo tukampima umakini, maana usingizi haukuwa tena kizuizi. Mtoto mwenye uzito mkubwa namfuatilia kwa karibu zaidi, kwani kwake kukoroma hubaki mara nyingi hata baada ya upasuaji. Miezi miwili ikipita na bado anakoroma, mrudishe, na video nyingine ya alfajiri.