Je, wajua kwa nini mtoto anayemaliza haraka haongezewi tu maswali?

"Mwalimu, mwanangu anamaliza hesabu wenzake wakiwa bado katikati. Mbona humpi kitabu cha darasa la sita? Na hizo karatasi zako za pembeni, anashindana na nani?"

Hashindani na mtu, mama, na kitabu cha darasa la sita atakikuta mwakani. Karatasi ile inampa kitu cha kumfikirisha ndani ya mada ileile ambayo darasa zima linaisoma wiki hiyo, basi.

Nianze na makosa yangu ya miaka ya mwanzo. Mtoto akimaliza maswali kumi, nilikuwa namwongezea kumi mengine ya aina ileile. Baada ya wiki mbili tatu naona ameanza kujikokota. Alishagundua kwamba ujira wa kuwahi ni kubebeshwa mzigo, akaamua asiwahi. Mwingine nilimpa kitabu cha darasa la mbele. Alizipita sura tatu mbio, akazishika kanuni kichwani bila kujua zimetoka wapi, na alipofika darasa hilo lenyewe akakaa kipindi baada ya kipindi akisikiliza vitu alivyokwisha kuviona. Alianza kuchukia hesabu wakati huo, mtoto aliyekuwa akizipenda.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Tulikuwa na mada ya mzingo na eneo, darasa la tano. Ubaoni kulikuwa na maswali kumi ya mistatili. Binti mmoja alifanya sita kwa muda wa dakika nane hivi, yote sahihi. Nikamwambia ayaache manne yaliyobaki, maana yalikuwa ya namna ileile, achukue karatasi kwenye bahasha iliyo nyuma ya darasa. Imeandikwa hivi: una wavu wa mita 24, unataka kuzungushia banda la kuku la umbo la mstatili, na kila upande uwe na mita kamili. Unaweza kupata mabanda mangapi tofauti, na lipi lina eneo kubwa kuliko yote?

Alianza na 1 kwa 11, akaja 2 kwa 10, akashuka hivyohivyo mpaka 6 kwa 6. Mabanda sita. La kwanza lina mita za mraba 11 tu, la mwisho lina 36, na wavu ni uleule. Akaandika kwa furaha: mraba ndio unaoshinda.

Nyuma ya karatasi kuna swali la pili. Banda sasa linaegemea ukuta wa nyumba, kwa hiyo wavu unazunguka pande tatu tu. Lipi kubwa? Akajibu papo hapo: mraba, 8 kwa 8, eneo 64. Sikumwambia amekosa. Nilimwomba ajaribu mengine mawili. Akajaribu 7 kwa 10, akapata 70. Akafuta. Akarudia, ikaja 70 tena. Akajaribu 6 kwa 12 akapata 72, kisha 5 kwa 14 ikarudi 70. Alibaki anaitazama ile 72 mpaka kengele ikalia. Siku ya pili akaja na mchoro: ukiliweka banda lile kando ya kioo mahali pa ukuta, pamoja na kivuli chake linakuwa mraba wa 12 kwa 12. Kumbe mraba ulikuwepo, nusu yake imefichwa na ukuta. Hakuna kitu katika mchoro huo kinachodai kitabu cha darasa la sita. Ni mzingo na eneo tu, vilevile ambavyo wenzake walikuwa navyo ubaoni.

Wazazi wengi wakifika hapa huniuliza: alipata ngapi? Hakupata kitu, kwa sababu kazi ile haina alama. Naisoma, naongea naye, namrudishia. Haiingii kwenye ripoti, haiendi nyumbani kama kazi ya jioni, na akiichoka ana ruhusa kuiacha nusu. Inachukua nafasi ya maswali aliyokwisha kuonyesha kwamba anayaweza, haiji juu yake. Nikiitia alama, kesho atachagua swali rahisi ili asiharibu wastani wake, na lile kosa la 8 kwa 8, ambalo ndilo lililomfundisha, ataliogopa.

Jambo linalokaribiana na hili limewahi kupimwa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Baada ya zoezi la kwanza, baadhi walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi ya kufuata, wengi wa waliosifiwa akili walichukua ile ya kuwahakikishia kuonekana wana akili. Wakishakutana na maswali magumu yakawashinda, walifanya vibaya zaidi hata kwenye yale ya kiwango cha mwanzo. Ndiyo maana sisemi mbele ya darasa "huyu kipanga wetu", nami nawaomba msiseme hivyo sebuleni mbele ya ndugu zake.

Kuhusu wenzake: bahasha ni ya wote. Kwenye karatasi hii ya banda, mvulana mmoja ambaye kuzidisha humchukua muda mrefu aliomba aifanye kwa sababu kwao wanafuga. Aliyapanga mabanda yote sita kwa vijiti sakafuni, akahesabu vyumba kimoja kimoja. Na yule binti wa dakika nane, tulipofika kwenye mada ya sehemu, alikwenda sawa na darasa na hakuigusa bahasha wiki mbili. Kasi inabadilika mada kwa mada. Nikiita kundi fulani "la wenye kasi" na kuwakalisha meza yao, hiyo wiki ya sehemu ingemwaibisha bure.

Najua kuacha kulinganisha si rahisi kwetu. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora mwaka 2023, lakini swali la "umekuwa wa ngapi?" bado ndilo la kwanza mtoto akifungua mlango na ripoti mkononi. Kwa hizi karatasi, mama, usiulize wa ngapi, wala nani mwingine amepewa. Mwambie akuonyeshe pale alipokwama, halafu umsikilize. Na tafadhali usizipeleke kwa mwalimu wa tuisheni amfundishe jibu. Akishaambiwa 72, swali limekufa.

Yapo mambo nitakayoomba uniambie haraka ukiyaona. Anaficha karatasi. Anafuta mpaka ukurasa unatoboka. Analia kwa kosa moja, au tumbo linamuuma kila asubuhi ya siku yenye hesabu. Hayo yakitokea naiondoa bahasha mbele yake kwa muda, tunarudi kwenye kazi ya kawaida, na sitamwuliza kwa nini ameacha. Upande wa pili, akija nyumbani anapima uzi kuzunguka meza, au anakuuliza kuku wa jirani wanakaa kwenye banda la mita ngapi, mwache apime. Mpe na futi kamba kama unayo.