Zaka si sadaka: hesabu ya fedha ya korosho

Jirani yangu wa Tandahimba alilipwa fedha ya mnada wa korosho. Akamnunulia mama yake gunia la mchele, akapeleka mifuko ya saruji msikitini, kisha akaniambia, "Zaka ya mwaka huu nimeshatoa."

Hakuwa ametoa. Alichotoa ni sadaka, tena nzuri. Sadaka haina kiwango wala muda, na unaweza kumpa yeyote. Zaka ni faradhi: ni haki ya watu maalumu iliyomo ndani ya mali yako, hutolewa kwa nia ya zaka na kwa hesabu.

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi huku kwetu, korosho zenyewe hazina zaka ya mavuno kama mpunga, mahindi na mtama, kwa kuwa si chakula kikuu. Zaka inaingia kwenye fedha yake, ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, na kukaa mwaka mzima wa Kiislamu, siku 354 hivi. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, ile madini. Wanazuoni wengi huchagua ya fedha kwa kuwa iko chini, na fukara hupata zaidi. Tuseme gramu ya fedha ni shilingi 4,000. Nisabu ni shilingi 2,380,000. Jirani alikuwa na milioni sita zilizokaa mwaka bila kupungua. Zaka yake ni asilimia mbili na nusu, yaani shilingi 150,000.

Apewe nani? Qurani, Sura ya Tawba aya ya 60, imetaja makundi manane: mafukara, maskini, wanaoikusanya zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wa kukombolewa, wenye madeni, walio katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Fukara na maskini watu huwachanganya. Mtu anayehitaji shilingi 10,000 kwa siku akapata 3,000 ni fukara. Akipata 8,000, ni maskini. Kwa hiyo mwenye kibanda cha chapati naye anaweza kustahiki, japo hakosi cha kushika.

Mama hayumo, kwa sababu akiishiwa, kumtunza ni wajibu wa mwanawe. Kumpa zaka ni kujilipia wajibu wako mwenyewe. Watoto na mke ni vivyo hivyo. Saruji nayo haimo: zaka hupewa mtu akaimiliki, na msikiti si mmoja wa wale wanane.

Lakini dada yake mjane, mwenye deni la duka na asiye na cha kulilipia, anastahiki, na kumpa kuna thawabu ya zaka na ya kuunga udugu. Jirani alimkabidhi 100,000 mkononi, zilizobaki akampa fukara wa mtaa wa pili. Hakuwaambia kuwa ni zaka, wala hapakuwa na haja. Nia ni ya mtoaji.