Kilo 12 si kipimo cha kila mjamzito

Mimi ni mkunga wa kliniki ya wajawazito, na kuna kauli moja nimechoka kuisikia: "Mjamzito anatakiwa aongezeke kilo 12." Wanaisema akina mama wenyewe, wanaisema mama wakwe waliowasindikiza, na kinachoniuma zaidi, wanaisema hata baadhi ya wenzangu wanaojaza kadi. Nitaanza nayo, na nitakaa nayo kuliko nyingine zote.

Dhana: Kila mjamzito aongezeke kilo 12 hivi

Namba yenyewe haikuzuka tu. Ukijumlisha mtoto wa kilo 3 na ushee, kondo la nyuma, maji ya uzazi, mji wa mimba uliotanuka, matiti, damu na majimaji yaliyoongezeka mwilini, pamoja na akiba ya mafuta, unafika kilo 12 hadi 13. Kosa liko kwenye hiyo akiba ya mafuta, ambayo peke yake ni kama kilo 3. Mwili huiweka kwa ajili ya miezi ya mwisho na kunyonyesha. Mwanamke aliyeshika mimba akiwa amekonda anaihitaji yote, tena na nyongeza. Aliyeshika mimba akiwa na uzito mkubwa tayari anatembea nayo.

Ndiyo maana viwango tunavyovifuata wengi wetu, vilivyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009, vinaanza na BMI ya kabla ya mimba, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mimba ya mtoto mmoja, aliyekuwa chini ya 18.5 anatarajiwa kuongezeka kilo 12.5 hadi 18 mpaka anapojifungua. Aliyekuwa kati ya 18.5 na 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Aliyekuwa kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Aliyekuwa na 30 au zaidi, kilo 5 hadi 9.

Chukua wanawake wawili wenye urefu wa mita 1.60, wote wako wiki ya 36, na wote wameongezeka kilo 9. Wa kwanza alishika mimba akiwa na kilo 46, yaani BMI ya 18. Katika miezi mitatu ya kwanza tunatarajia nyongeza ya kati ya nusu kilo na kilo 2, kisha kwa mtu wa kundi lake karibu nusu kilo kila wiki. Toka wiki ya 13 hadi ya 36 ni wiki 23, kwa hiyo alitakiwa awe ameongezeka kilo 12 au 13. Kilo 9 kwake ni pungufu, na mimi hapo naangalia kama kimo cha mfuko wa uzazi kinalingana na wiki zake, nauliza anakula nini na mara ngapi, naangalia damu yake. Uzito pungufu kwa mama wa namna hii huendana na mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati.

Wa pili alianza na kilo 80, BMI ya 31. Kwa kundi lake tunatarajia kilo 0.2 hivi kwa wiki, kwa hiyo kufikia wiki ya 36 angekuwa ameongezeka kilo 6 au 7. Kilo 9 kwake tayari ni ukomo wa mimba nzima, na bado kuna wiki nne. Huyu namfuatilia kwa mtoto mkubwa na uwezekano wa kujifungua kwa upasuaji, na kama hajapimwa sukari, apimwe. Kadi mbili, kilo 9 zilezile, na maamuzi yanakwenda pande mbili tofauti. Ukiwapima wote kwa kilo 12, utawaambia wote wawili "umepungukiwa, ongeza kula", na utakuwa umemdhuru mmoja.

Dhana: BMI ni ile ya siku ya kwanza kliniki

Hili ni pacha wa lile la kwanza. Wengi huja kliniki tumbo limeshaonekana. Mama wa mita 1.60 anakuja wiki ya 20 na kilo 66, mtu anapiga hesabu, anapata karibu 26, anamwandikia "uzito umezidi" na kumwonya apunguze kula. Ukimuuliza, anakwambia kabla ya mimba alikuwa na kilo 62. Hiyo ni 24, uzito wa kawaida. Kwa kuingiza kilo 4 za mimba kwenye hesabu, umemhamisha kutoka kundi la kilo 11.5 hadi 16 ukampeleka kundi la kilo 7 hadi 11.5.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: "Dada, kabla hujashika mimba ulikuwa na kilo ngapi?" Asipokumbuka, mwambie alete kadi ya uzazi wa mpango, mara nyingi uzito umeandikwa humo. Kama alipimwa kabla ya wiki ya 12 na hakuwa anatapika sana, uzito ule unakaribiana na wa kabla ya mimba. Ikikosekana yote, pima mzunguko wa mkono wa juu kwa tepi, kwa kuwa mkono haubadiliki sana na mimba, kisha fuatilia kasi ya wiki kwa wiki badala ya kubuni jumla. Na tafadhali pimeni urefu. Urefu wa kukisia unaharibu hesabu yote, kwa sababu kwenye BMI urefu unazidishwa kwa wenyewe.

Viwango hivi vina mipaka yake. Vilitokana na takwimu za wanawake wa Marekani, na aliye na BMI ya 31 wanamweka kapu moja na aliye na 45. Havitoi hukumu. Vinakuonyesha nani umwangalie kwa karibu.

Dhana: Unakula kwa ajili ya watu wawili

Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji karibu chochote cha ziada. Baadaye inatosha nyongeza kama ya bakuli la uji wa maziwa na ndizi kwa siku. Sahani ya pili ya ugali haihitajiki.

Dhana: Mnene asiongezeke kabisa, au apungue

Hapana. Kundi la BMI ya 30 na zaidi nalo lina kilo zake 5 hadi 9. Mtoto, kondo na damu vina uzito wake. Mimba si wakati wa kujinyima.

Dhana: Ukila kidogo mtoto atakuwa mdogo na utajifungua kirahisi

Unachopata ni mtoto asiye na akiba, anayepata baridi upesi na kushuka sukari. Wepesi wa uchungu hauna dhamana hiyo.

Dhana: Uzito ukipanda ghafla ni kwa sababu amekula vizuri

Mafuta hayajengeki kwa siku tatu. Mama aliyekuwa akiongezeka taratibu, kisha baada ya wiki ya 20 akapanda kilo moja au mbili ndani ya wiki moja, amejaza maji. Kwanza mpime tena kwenye mizani ileile, bila viatu wala mkoba. Kama ni kweli, pima presha na protini kwenye mkojo siku hiyohiyo, muulize kuhusu kichwa kuuma, macho kuona ukungu na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, na akiwa nazo aende hospitali palepale, hata kama jumla ya kilo zake bado iko ndani ya kiwango cha kundi lake.